Dada kamwaga jiki juu ya dawa ya choo, nyumba nzima tukatoka nje tunakohoa. Nani feki kati ya hizi mbili?

Mama_Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Jana jioni dada wa kazi alikuwa anamalizia choo cha ndani. Asubuhi alishamwaga dawa ya choo, ile ya maji ya buluu inayouzwa sokoni kwenye chupa za maji ya kunywa. Akaiacha ikae, akasugua, akasuuza kwa ndoo moja tu maana huku mlimani maji yalikuwa yamekata. Jioni akaona bado kunanuka, akachukua jiki akamwaga. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya wale wadudu wa ziwani. Mnajua wakija kama wingu na taa imewaka huwezi kuacha hata upenyo.

Haikupita dakika akatoka anakohoa, machozi yanamtiririka, anasema koo linaungua. Harufu ikatufuata mpaka sebuleni, tukabeba watoto tukatoka nje. Leo yuko vizuri, bado anakohoakohoa.

Maswali yangu mawili. Kati ya jiki na dawa ya choo, ipi ni feki? Na kama alisuuza asubuhi, kwa nini vigombane jioni?

Kijana_wa_Pasiansi
Poleni. Mimi nasema kila siku, wadada acheni mkorogo. Ngozi ya Mungu inatosha.

Mama_Nyegezi
Mdogo wangu, rudi usome. Ni choo.

Kijana_wa_Pasiansi
Duh, nimesoma "dada" na "jiki" nikajua tayari. Samahani mama.

Fundi_Kirumba
Hapo feki ni dawa ya choo. Hizi za chupa za maji wanachanganya wenyewe uani, wanaweka asidi ya betri humo. Dawa halisi ya dukani ukiiweka na jiki haifanyi kitu. Mimi niko kwenye mabomba na masinki siku zote, naziona.

Mwl_Mstaafu
Fundi, nusu yako nakubali, nusu nakataa. Kwamba ilikuwa na asidi, ndiyo. Kwamba ya dukani haifanyi kitu, hapana, na usimwambie mtu mwingine hivyo. Dawa nyingi za choo za dukani, zenye lebo na kila kitu, ni asidi ya haidrokloriki, na kwenye lebo utakuta asilimia 10 hivi. Imewekwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayokula ule ukoko wa njano wa mkojo ulioganda kwenye sinki. Ikifanya kazi yake vizuri ndivyo itakavyogombana na jiki vizuri.

Mama Nyegezi, huenda hakuna feki hata mmoja. Zote mbili zilikuwa nzima, tatizo ni kukutana.

Jiki inatengenezwaje? Kiwandani wanachukua gesi ya klorini wanaipitisha kwenye maji yenye kostiki soda. Gesi inaingia mle inatulia, inakuwa haipokloraiti, na kinachoituliza ni ile kostiki. Ndiyo maana jiki inateleza vidoleni, ni kali upande wa magadi, pH yake iko 11 mpaka 13. Sasa leta asidi. Asidi inaimaliza kostiki kwanza, halafu inaigeuza haipokloraiti irudi ilikotoka, gesi. Kwa wanaopenda kuandika:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H2O + Cl2

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatoa nje. Inakwenda mbele kiwandani, inarudi nyuma chooni kwako.

SangaraFC
Mwalimu umerudisha kumbukumbu za kidato cha tatu na viboko vyake.

Mama_Mapacha
Mbona mimi miaka yote naloweka mashati ya shule kwa jiki na sabuni ya unga kwenye beseni moja na sijawahi kukohoa? Au mnatutisha?

Mwl_Mstaafu
Mama Mapacha, sabuni ya unga nayo iko upande wa magadi, upande uleule wa jiki. Hawagombani. Wewe endelea na mashati.

Mama_Sabuni_Mabatini
Mimi natengeneza na kuuza, naona mnatupiga mawe. Asidi ya betri sijawahi kuitia kwenye dawa ya choo, fundi aache uzushi. Tunanunua haidrokloriki kwenye maduka ya kemikali kwa madumu, tunapunguza na maji, tunatia rangi na harufu.

Ila niongeze kitu ambacho mwalimu hajasema. Sabuni ya UNGA sawa. Sabuni ya MAJI ya mtaani usiiamini hivyohivyo. Kiungo chake kikubwa ni salfoniki, ambayo ni asidi, na inabidi uitulize kwa magadi soda au kostiki mpaka iwe sawa. Mtengenezaji akibania magadi, sabuni inabaki na ukali wa asidi. Ukiipeleka kwenye jiki utasikia. Mimi napima kwa karatasi kila pipa, lakini siwezi kuwasemea wote wa Mabatini.

Mwl_Mstaafu
Mama Sabuni, hilo ni jambo la maana sana na sikuwa nimelifikiria. Asante.

Mtu_wa_Maji
Naomba nitofautiane na mwalimu kidogo. Nipo kwenye usafishaji wa maji. Sisi klorini tunaitia kwenye maji ya ziwa kila siku, na kitu cha kwanza tunachoangalia ni pH. Ikipanda sana klorini inalala, haiui vimelea haraka. Ikishuka inaamka. Kwenye pH ya 7.5 nusu yake iko kwenye umbo kali na nusu kwenye umbo legelege. Kwa hiyo kuongeza asidi kidogo kunaongeza nguvu ya kuua. Siyo uongo kwamba siki kidogo inaipa jiki nguvu. Hata huko nje wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi kuua vimelea sugu.

Fundi_Kirumba
Haya, wataalamu wamegombana. Tupikeni bisi.

Mwl_Mstaafu
Mtu wa Maji, kemia yako ni sahihi. Shida ni kwamba umesimama kwenye tangi na mama amesimama chooni.

Kwenye maji yenu klorini ni miligramu moja au mbili kwa lita. Kwenye chupa ya jiki ya asilimia 3.5 ni gramu 35 kwa lita, zaidi ya mara elfu kumi. Kwenye maji yenu hata pH ikishuka hakuna cha kutoka, kwa sababu hakuna kitu. Halafu ninyi mnacheza kati ya 6.5 na 8.5. Huko chini, ukishapita 4 hivi kwenda chini, lile umbo kali unalolisifia nalo linageuka gesi. Dawa ya choo iko kwenye 1 au chini yake. Hao wanaoongeza siki kwa makusudi wanatia kwenye maji mengi sana, mahali pa wazi, na wanapima. Dada wa kazi hana karatasi ya kupimia.

Mtu_wa_Maji
Sawa kwenye dawa ya choo. Kwenye siki sijashawishika. Siki ni asidi dhaifu.

Mwl_Mstaafu
Dhaifu ndiyo, lakini pH ya siki iko kwenye 2 na nusu. Ukimwaga nusu kwa nusu na jiki utafika kwenye gesi vizuri tu. Itakuja taratibu kuliko ya haidrokloriki, hiyo ndiyo tofauti.

Chacha_Musoma
Hivi kiasi gani hasa? Maana watu wanasema "ni sumu" lakini hakuna anayetaja. Kikombe kimoja cha jiki kinaweza kutoa gesi ya kumdhuru mtu mzima kweli?

Mwl_Mstaafu
Chacha, swali zuri, tufanye pamoja. Kikombe kidogo, mililita 100 za jiki ya asilimia 3.5. Humo mna haipokloraiti gramu 3.5. Ikigeuka yote inatoa klorini gramu 3.3 hivi, ambayo ikiwa gesi ni lita 1 na kidogo.

Choo cha kawaida cha nyumba za kupanga: upana mita 1, urefu mita 1.2, kwenda juu mita 2.4. Hiyo ni hewa lita 2,900 hivi. Lita 1.1 ndani ya 2,900 ni sehemu karibu 380 kwa milioni.

Sasa linganisha. Viwandani sehemu 1 kwa milioni inahesabiwa ni kikomo ambacho mfanyakazi hapaswi kukivuka hata kwa muda mfupi. Sehemu 10 kwa milioni inahesabiwa ni ya hatari kwa maisha, unatakiwa utoke mara moja. Hata nikisema gesi iliyotoka ni sehemu moja tu ya kumi, bado tuko kwenye 38.

Na usidhani inahitajika dawa ya choo nyingi. Kama ni ya asilimia 10, theluthi ya kikombe hichohicho inakaribia kuitoa gesi yote ya kikombe kizima cha jiki. Ongeza kidogo kwa ajili ya ile kostiki.

Chacha_Musoma
Duh. Kikombe tu.

Mtu_wa_Maji
Mwalimu, hesabu yako iko juu. Klorini inayeyuka kwenye maji, na kwenye kona ya sinki hukaa maji lita moja au mbili. Gramu 3 zinaweza kuyeyukia mle zikaisha. Hiyo sehemu moja ya kumi umeitoa wapi?

Mwl_Mstaafu
Nimeikadiria, sikuipima, nakubali. Na ni kweli maji ya kwenye kona yanameza nyingi. Lakini kama jiki imekutana na asidi sehemu kavu, ukutani mwa sinki au sakafuni, hakuna maji ya kumeza. Yote inapanda.

Fundi_Kirumba
Hapa sasa mmeingia kwenye eneo langu. Mama anauliza kwa nini asubuhi mpaka jioni. Jibu liko kwenye kona. Ile kona ya chini ya sinki huwa inabaki na maji muda wote ili harufu ya shimo isipande. Ukisuuza kwa ndoo moja ya kumwagia polepole, maji ya zamani hayatoki yote, yanachanganyika tu. Asidi imebaki mle, inamsubiri mwenzake.

Mwl_Mstaafu
Inawezekana. Ila ndoo ya lita 20 kwenye kona ya lita 2, hata ikimwagwa ovyo, asidi itakayobaki ni kidogo mno. Mimi ningeangalia chini ya ukingo wa sinki. Dawa inapigwa kule juu, na ndoo haifiki kule. Mvuto wa maji kutoka kwenye tangi ndio unaopita kwenye ukingo, na wao walikuwa hawana maji.

MfugajiKisesa
Samahani kuingilia. Mimi sina choo cha sinki, nina banda la kuku. Niliambiwa jiki inaua vimelea, nikamwaga bandani baada ya kutoa kuku, mbolea ikiwa bado chini. Yakanipata hayohayo ya huyo dada, macho na kifua. Na hakukuwa na asidi yoyote. Sasa asidi ya mwalimu ilitoka wapi?

Mwl_Mstaafu
Mfugaji, hapo ni mgomvi mwingine. Mbolea ya kuku inatoa amonia, ile harufu inayokuchoma pua ukifungua banda asubuhi. Jiki ikikutana na amonia haitoi klorini, inatoa kloramini. Zipo za aina kadhaa, kutegemea ipi ni nyingi kati ya jiki na amonia. Nyepesi yao inatia machozi, nzito yao ni mbaya sana. Na kwa dalili huwezi kuzitenganisha na klorini kirahisi, zote ni macho, pua, koo, kifua.

Amonia iko pia kwenye dawa nyingine za kufutia vioo. Na iko kwenye mkojo uliolala.

SangaraFC
Hii ya kloramini naijua kwa mwili wangu. Nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Baada ya zamu tulikuwa tunaosha sakafu na meza kwa maji ya klorini. Wapya walikuwa wanamwaga klorini juu ya damu na utelezi wa samaki, ili wamalize haraka wawahi daladala. Ukumbi mzima unalia. Msimamizi akaweka amri: kwanza maji matupu mpaka damu iondoke, pili sabuni, tatu suuza, klorini iwe ya mwisho peke yake. Baada ya hapo hata harufu ile kali ilipungua. Alikuwa anatuambia ukisikia klorini inanuka sana ujue umeosha vibaya.

Na yule mzee alikuwa mkali kweli, maana aliishi miaka ile ya 1997 mpaka 1999 Ulaya walipokuwa wanafungia samaki wa ziwa letu. Usafi kwake ulikuwa dini.

Mtu_wa_Maji
Msimamizi wako alikuwa sahihi. Damu na utelezi vinakula klorini yote kabla haijagusa kimelea. Unapoteza dawa na unapata machozi. Mfugaji naye vivyo hivyo: kwangua mbolea, osha, suuza, pakauke kidogo, ndipo jiki iliyochanganywa na maji mengi.

Kijana_wa_Pasiansi
Kwa hiyo kwenye baa zetu zile, pale pa kukojolea wanaume, wanapomwaga jiki saa sita usiku...

SangaraFC
Ndiyo maana unatoka unalia. Ulidhani ni bili?

Nesi_wa_Zamu
Jamani nimesoma uzi wote, hamna aliyeuliza hali ya dada. Mama Nyegezi, bado anakohoa? Anasikia kifua kubana, anapiga mluzi akipumua, ana historia ya pumu?

Mama_Nyegezi
Nesi asante. Pumu hana. Anakohoa kikavu, kifua anasema kizito kidogo akipanda ngazi. Jana nilimpa maziwa glasi mbili, nikaambiwa yanakata sumu.

Nesi_wa_Zamu
Maziwa hayajamdhuru, ila hayajamsaidia pia. Alichovuta kiko kwenye mapafu, maziwa yameenda tumboni, ni njia mbili tofauti. Na kama mtu anakohoa sana au anataka kutapika, kumnywesha chochote kunaweza kumpalia.

Hicho kifua kizito akipanda ngazi sikipendi. Hizi gesi zinaweza kuonekana zimepita, halafu baada ya saa kadhaa, hata siku nzima, mapafu yakaanza kujaa maji. Mpeleke leo asikilizwe kifua na apimwe oksijeni kidoleni, na mwambie daktari alivuta nini hasa. Usiseme tu "anakohoa", utapewa dawa ya mafua. Chukua na chupa zote mbili au uzipige picha.

Mama_Nyegezi
Sawa nesi, namtoa sasa hivi.

Chacha_Musoma
Nesi, na pale pale ikitokea mtu afanye nini? Mimi ningemwaga maji mengi kwanza.

Nesi_wa_Zamu
Kwanza utoke wewe. Ukibaki kumwaga maji unavuta. Toka, acha mlango wa nje wazi, mbali na watoto. Macho yakiwaka, maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, bila kusugua. Nguo zikirukiwa zivuliwe. Usiongeze kitu kingine chooni eti kinakata. Rudini harufu ikishaisha, ndipo mmwage maji mengi.

Mwl_Mstaafu
Niongeze hapo kwa nesi. Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu. Inashuka, inajaa kuanzia sakafuni. Ndiyo maana 22 Aprili 1915 pale Ipre, Ubelgiji, Wajerumani walipoiachia ilitambaa ikaingia kwenye mahandaki. Kwa nyumbani maana yake mtoto anayetambaa na mtu aliyeinama anasugua ndio wanaoipata kwanza. Na nyumba za mlimani kama za Bugando au Mabatini, ukitoka nje panda juu, usikimbilie uani kwa chini.

Kijana_wa_Pasiansi
Mwalimu kaanza na choo katufikisha vita ya dunia.

Mama_Sabuni_Mabatini
Nirudi kwenye biashara yangu, maana naona wengine wananisema inboksi kuhusu chupa. Wateja wenyewe wanataka chupa za maji, ni nafuu. Dumu la kampuni litaongeza bei. Mnataka nifanyeje?

Fundi_Kirumba
Weka lebo mama. Andika ASIDI kwa kalamu ya rangi isiyofutika. Mtu anafungua chini ya sinki anakuta chupa mbili za maji, moja ya buluu moja nyeupe, atajuaje? Mimi nikikuta chupa bila jina kazini nadondosha matone mawili kwenye saruji, nje. Ikichemka povu ni asidi.

Mwl_Mstaafu
Kipimo cha fundi ni kizuri upande mmoja. Ikichemka, ni asidi. Isipochemka usiseme basi ni jiki, inaweza kuwa asidi dhaifu au amonia au chochote. Chupa usiyoijua usiitumie, kwisha.

Na jiki yenyewe, Mama Sabuni, usiihifadhi kwenye chupa ya maji. Inaharibika polepole hata ikiwa imefungwa, na ikiharibika baadhi yake inatoa oksijeni. Chupa laini iliyofungwa kwa nguvu inavimba. Joto linaiharakisha sana: ukipanda nyuzi 10 tu, kasi ya kuharibika inaongezeka kama mara tatu. Stoo ya bati hapa Mwanza saa nane mchana unajua ilivyo. Mwanga nao unaiharibu, chupa inayopitisha mwanga haifai. Kutu pia, usiiweke kwenye kopo la bati wala usitumbukize chombo cha chuma. Dumu gumu lisilopitisha mwanga, mahali pa baridi, na ukishaichanganya na maji itumie siku hiyohiyo.

Mama_Sabuni_Mabatini
Kuvimba nimekuona. Nilidhani ni mfuniko.

Fundi_Kirumba
Na stoo yako usipange asidi rafu ya juu na jiki ya chini. Dumu la juu likivuja...

Mama_Sabuni_Mabatini
Asidi yangu iko sakafuni kwenye beseni la plastiki, kona ya mlangoni. Jiki iko chumba kingine. Fundi leo umenifanya mwanafunzi.

Mtu_wa_Maji
Hiyo ya beseni ni nzuri sana. Sisi pia tunatenga hivyo. Na wale mnaonunua klorini ya unga kwa visima, ile ya asilimia 65 na kuendelea, hiyo ni kali zaidi ya jiki mara nyingi. Isikae na asidi, wala na mafuta, wala na sukari. Hiyo haitoi gesi tu, inaweza kuwasha moto.

Mama_Nyegezi
Wakuu, tumerudi. Oksijeni iko vizuri, kifua daktari amesikia kimebana kidogo, amepewa dawa ya kuvuta na kuambiwa arudi ikizidi. Nesi ubarikiwe.

Sasa nimemuuliza dada vizuri njiani. Anasema hakumwaga jiki kwenye sinki kwanza. Alianza kwenye lile kopo la brashi ya choo, kwa sababu lilikuwa linanuka, ndipo akatumbukiza brashi. Anasema moshi ulianzia pale.

Fundi_Kirumba
KOPO LA BRASHI! Brashi ya asubuhi imechuruzika asidi mle mchana kutwa, na hakuna anayesuuza kopo. Kesi imefungwa.

Mwl_Mstaafu
Naegemea hapo. Asidi haijapunguzwa na maji, kopo dogo, na uso wake uko juu yake ameinama. Ingawa kiasi cha kopo moja kuifikia sebule...

Mama_Nyegezi
Subirini. Anasema pia mwanangu mdogo wa miaka mitatu alikuwa anakojoa sakafuni pembeni ya sinki tangu juzi, na hakuna aliyeosha kwa sababu ya maji. Na jiki ilimwagikia pale pia.

MfugajiKisesa
Basi ni amonia kama kwangu.

Nesi_wa_Zamu
Mkojo wa mtoto mmoja? Nina mashaka.

SangaraFC
Wa siku mbili kwenye joto hili, nesi, usiudharau. Mkojo mpya hauna amonia ya maana, uliolala ndio unao.

Mtu_wa_Maji
Inawezekana zote mbili kwa pamoja. Hakuna sheria kwamba lazima iwe moja.

Mwl_Mstaafu
Kama kulikuwa na rangi ya kijani njano ndani ya kopo, ni klorini. Dada aliona rangi?

Mama_Nyegezi
Anasema alikuwa amefumba macho.

Kijana_wa_Pasiansi
Shahidi pekee alikuwa amefumba macho, jamani.

Mama_Sabuni_Mabatini
Mama Nyegezi, niletee hiyo chupa ya buluu Mabatini niipime kwa karatasi zangu. Angalau tujue kama ilikuwa asidi kweli na kali kiasi gani.

Mama_Nyegezi
Dada anasema chupa zote mbili ameshazitupa. Alizichukia.

Fundi_Kirumba
Ametupa wapi? Maana kama ni kwenye lile shimo la taka la uani mnalochomea jioni, na zilikuwa na mabaki...

Mama_Nyegezi
Ngoja nikamuulize.